Itoe nyama motoni kabla haijafika: jinsi ya kuhesabu joto linaloendelea kupanda mezani

Kipande cha ng'ombe cha kilo 2 kikitoka kwenye oveni kikiwa na nyuzi 70 katikati, hakitabaki kwenye 70. Robo saa baadaye, kikiwa kimelala juu ya ubao bila moto wowote chini yake, kipimajoto kinaweza kusoma 75 au 76. Hapo ndipo nyama ya Jumapili inapoharibika katika nyumba nyingi za Lubumbashi: mpishi alisubiri hadi iive sawasawa ndipo akaitoa, ikaendelea kujipika yenyewe, ikafika mezani kavu, na lawama ikamwangukia mchinjaji aliyeuza ng'ombe mzee.

Mwongozo huu unahusu nyama nzima inayochomwa au kuokwa: kipande kikubwa cha mgongoni au pajani kisicho na mfupa. Nyama ya mchuzi haimo humu. Ile inachemka kwa saa nyingi mpaka mishipa yake ilainike, na nyuzi tano zaidi hazibadilishi kitu.

Kwa nini joto linapanda wakati moto haupo

Ndani ya oveni, sehemu ya nje ya nyama inatangulia sana. Ngozi yake ya kahawia inaweza kuwa imepita nyuzi 100, sentimita mbili ndani ni 80, na katikati kabisa ni 60. Ukiitoa, yale matabaka ya nje hayajui kwamba umezima moto. Sehemu ya joto lao inapotea hewani, nyingine inaendelea kusafiri kuelekea kwenye ubaridi, na ubaridi uko katikati. Aliyelala katika nyumba ya matofali mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, anaijua hali hiyo: jua limeshazama, nje kumepoa, lakini ndani joto bado linapanda kwa sababu ukuta unamalizia kuingiza kilichohifadhiwa mchana.

Kupanda huko kunakwisha pale nje na katikati vinapokaribiana. Kuanzia hapo kipande chote kinaanza kupoa pamoja.

Kiasi kitakachopanda kinategemea zaidi mambo mawili. La kwanza ni unene. Steki ya sentimita 2 ina joto kidogo la akiba, nayo hupanda nyuzi 1 hadi 3 basi. Kipande chenye unene wa sentimita 10 kinaweza kupanda 5 hadi 8. La pili ni ukali wa moto. Oveni ya nyuzi 220 inaacha tofauti kubwa kati ya nje na ndani, kwa hiyo mzigo wa joto unaobaki njiani ni mkubwa. Oveni ya nyuzi 120 inapika taratibu, nje na ndani vinakwenda karibu pamoja, na ukiitoa nyama haipandi zaidi ya nyuzi 2 au 3. Watu wawili wakibishana, mmoja akisema nyama yake hupanda nyuzi 8 na mwingine 2, huenda wote wanasema kweli.

Hatua ya 1: kijue kipimajoto chako

Bila kipimajoto chenye sindano utabaki kukisia. Vile vidogo vya betri vinatosha. Ila kabla ya kukiamini kipime mara mbili. Jaza kikombe na barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo tu ya kujaza nafasi, koroga, chovya sindano bila kugusa kikombe: kinapaswa kusoma 0. Kisha kichovye kwenye maji yanayochemka kwa nguvu. Hapa watu hujikwaa, maana kitabu cha maelekezo kinasema 100. Lubumbashi iko juu kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kikikusomea 96, ni kizima. Kikisoma 100 ndiyo una tatizo: kinazidisha nyuzi 4, nawe utatoa nyama mapema mno ukidhani imefika.

Hatua ya 2: amua mwisho kwanza

Andika namba unayotaka katikati ya nyama isomeke wakati wa kukata. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Marekani inaweka nyuzi 63 kuwa kiwango cha chini kwa kipande kizima cha ng'ombe, kondoo, mbuzi au nguruwe, na kipumzike angalau dakika 3 baada ya hapo. Kwa 63 ng'ombe bado ana wekundu ndani. Kwenye meza za hapa wekundu huo huzua kelele, na mzee wa nyumba atarudisha sahani jikoni. Mimi naweka mwisho kwenye 70: hakuna wekundu, bado kuna maji. Kuanzia 75 kwenda juu kipande cha mgongoni kinaanza kuwa kama kamba, na hicho ndicho tunachokikwepa.

Nguruwe wa kwetu namfikisha 71 au zaidi bila mjadala, kwa sababu ya tegu. Nyama ya kusaga nayo ni 71, kwa kuwa vijidudu vya nje vimeshachanganywa hadi ndani.

Hatua ya 3: toa namba ya kupanda

Hii ndiyo hesabu yenyewe. Unataka 70. Kipande ni kinene, oveni iko 180. Kwa hali hiyo kupanda kwa nyuzi 5 hadi 6 ni makisio mazuri ya kuanzia. Kwa hiyo utaitoa ikisoma 64.

Ni makisio, ndiyo. Oveni yako ina tabia yake, na sufuria yako pia. Lakini unahitaji kukisia mara moja tu. Siku hiyo andika namba mbili: ilisoma ngapi ulipoitoa, na ilifika ngapi kileleni. Tofauti yake ni namba ya jiko lako kwa kipande cha ukubwa huo, na Jumapili nyingine utaanza nayo.

Kuna dalili nyingine inayosaidia zaidi kuliko jedwali lolote. Katika dakika za mwisho tazama kasi ya kipimajoto. Kikipanda nyuzi moja kila dakika, moto unaingia kwa nguvu na utaendelea kuingia baada ya kutoa: tegemea nyuzi 6 au zaidi. Kikijivuta, nyuzi moja kwa dakika nne au tano, mbele kumebaki kidogo: tegemea 2 au 3.

Hatua ya 4: sindano iwe mahali pake

Choma kutoka ubavuni, si kutoka juu, ncha ifike katikati ya sehemu nene kabisa. Kisha ivute nje polepole huku ukisoma. Namba ya chini kabisa utakayoiona ndiyo joto la katikati. Ukishusha namba kwa kuvuta, ujue ulikuwa umepitiliza. Mfupa na mafuta ni vya kukwepa, vyote viwili vinadanganya.

Watu huogopa kwamba tundu la sindano litamwaga maji yote. Linatoa matone machache. Nyama si puto.

Hatua ya 5: mahali pa kupumzikia

Sahani iwe safi. Si ile iliyobeba nyama mbichi, hata kama umeifuta. Juu yake weka waya wa kuokea, au vijiko viwili vya mbao vilivyolazwa sambamba, ili nyama isikae kwenye mvuke wake na kulowesha upande wa chini.

Kufunika ni suala la hali ya hewa na la gamba unalolitaka. Karatasi ya alumini ikikazwa pande zote hushika joto na mvuke: katikati itapanda zaidi kidogo, lakini lile gamba la kahawia ulilolitafuta kwa saa nzima litalegea. Mimi huiweka kama hema, ikigusa nyama juu tu, pembeni wazi. Mwezi wa Juni na Julai, jioni za baridi, huipasha sahani kwa maji ya moto kwanza na kuweka meza mbali na mlango, kwa sababu upepo hunyang'anya joto la nje kabla halijaingia ndani, na kupanda kunapungua. Oktoba siifuniki kwa alumini kabisa, naweka wavu wa kuzuia inzi.

Usiirudishe ndani ya oveni iliyozimwa "ili isipoe". Oveni iliyozimwa sasa hivi bado ni oveni.

Hatua ya 6: subiri kilele, kisha subiri kidogo

Acha sindano ndani ya nyama. Hivi ndivyo inavyokwenda kwa kipande chetu cha kilo 2, unene wa sentimita 10, oveni 180, kikitolewa kwenye 64:

Dakika 5: nyuzi 66.
Dakika 10: nyuzi 68.
Dakika 15: kati ya 69 na 70.
Dakika 20: 70, imesimama.
Dakika 30: 68, inashuka.

Namba zako zitapishana na hizi kwa nyuzi moja au mbili, lakini umbo litakuwa lile lile: inapanda haraka, inapunguza mwendo, inasimama, inageuka. Ikigeuka na kushuka nyuzi moja, chukua kisu. Kwa kipande hiki hiyo ni kama dakika 25. Steki inahitaji dakika 5.

Wakati huo wote sebuleni watakuwa wanaita: "Yaya, nyama inapoa!" Haipoi. Katikati yake inazidi kupata moto, na kipande kikubwa kisichokatwa kinakaa na joto la kuliwa kwa zaidi ya nusu saa. Peleka bukari na matembele mezani kwanza, watu wanawe mikono.

Sasa, kuhusu maji ya nyama. Utasikia kwamba ukiipumzisha nyama, maji yote yaliyokimbilia katikati hurudi kwenye nyuzinyuzi. Maelezo hayo yamerembwa. Joto linapokaza nyuzinyuzi, maji hukamuliwa, na mengi ya hayo hayarudi yalikotoka. Kinachotokea zaidi ni kwamba yakipoa kidogo yanakuwa mazito, kwa ajili ya protini na jelatini iliyoyeyuka ndani yake, hivyo yanang'ang'ania pale yalipo badala ya kukimbia mara kisu kinapopita. Faida ipo na utaiona kwenye ubao, ila ni ndogo kuliko inavyosifiwa. Faida kubwa ya kupumzisha ni ile ya kwanza: inakuruhusu kuitoa kwenye 64 badala ya 70, na nyama ambayo haikupita 70 haijakamuliwa kama ile iliyofika 76. Anayeiacha ipite namba yake motoni halafu akaipumzisha nusu saa kwa heshima zote bado atakula nyama kavu.

Hatua ya 7: kukata

Tazama nyuzinyuzi zinaelekea wapi, kisha pitisha kisu kuzikingama, vipande vya nusu sentimita. Kata ile tu inayoliwa sasa. Vipande vyembamba hupoa kwa dakika chache, kipande kizima husubiri wageni waliochelewa. Maji yaliyobaki sahanini mimina kwenye sosi ya nyanya na kitunguu, usiyatupe.

Umeme ukikatika: mbabula na sufuria nzito

Wengi wetu humalizia kwenye mbabula hata kama oveni ipo. Njia inayofanya kazi vizuri ni ile ya sufuria nzito ya alumini, zile za kusubu zinazouzwa sokoni, makala kidogo chini na makala mengi juu ya kifuniko. Weka nyama juu ya vipande vya mfupa au waya ili isiguse chini. Hapa huna kidhibiti joto, hivyo dalili ya kasi niliyoitaja ndiyo mwongozo wako: pima kila dakika kumi, na ikikaribia 55 pima kila dakika tano.

Tatizo la sufuria hizi ni unene wao. Ukiondoa makala na kuiacha nyama mle ndani na kifuniko juu, sufuria ile nzito inaendelea kuoka. Hicho si kupumzisha. Katikati inaweza kupanda nyuzi 10 na zaidi, na hakuna hesabu itakayokuokoa. Nyama itoke kwenye sufuria mara ifikapo namba yake, iende kwenye sahani. Pia makala yanapoanza kufifia, moto wa mwisho unakuwa mpole, na kupanda kunapungua: nyama iliyomalizwa kwenye majivu nitaitoa kwenye 67, si 64.

Kama kipimajoto hakipo, tumia njiti nyembamba ya chuma iliyo safi. Ichome hadi katikati, hesabu sekunde 15, iguse kwa ndani ya mkono. Baridi: bado sana. Vuguvugu kama mwili wako: ndani bado ni mbichi, ongeza muda. Moto unaokufanya utoe mkono: imefika au imepita. Njia hii haiwezi kutofautisha 62 na 68, kwa hiyo ni ya kipande kizima cha ng'ombe tu. Usiitumie kwa kuku wala nguruwe.

Kuku, na michopo

Kuku mzima wa kuoka ana tundu katikati, na joto hupotelea humo. Kidari chake hupanda nyuzi 2 hadi 4, paja wakati mwingine halipandi hata moja. Kwa hiyo kuku sipigi hesabu ya ng'ombe. Anatakiwa kufika 74, nami huhakikisha paja linasoma 74 kabla hajatoka motoni. Kidari kitakuwa kimepita kidogo, na ndiyo bei yake. Mapumziko ya dakika 10 hadi 15 kwake ni kwa ajili ya kukatika vizuri na kutounguza vidole.

Michopo ya mbuzi ni habari nyingine. Vimekatwa vidogo, vina mfupa, vimechomwa juu ya makala makali, na mchomaji anavipiga panga na kuvifunga kwenye karatasi pamoja na kitunguu na pilipili papo hapo. Yuko sahihi. Kipande cha sentimita 3 hakina akiba ya joto ya kuhesabu, na kikikaa kinapoa na mafuta ya mbuzi yanaganda mdomoni. Kitu pekee cha kupumzisha kwa mbuzi ni mguu mzima, na huo kama ni wa mbuzi mkubwa hauachwi kwenye 70 hata kidogo: unapikwa polepole hadi karibu 90, nyama iachane na mfupa.

Ikiwa umekosea namba

Ukiitoa ukakuta imeshafika 70 tayari, usiipumzishe. Igawe mara moja vipande vinne vikubwa, vitenganishe kwenye sahani pana. Kwa kupunguza unene umeipa njia fupi ya kutoa joto, na kupanda kutaishia nyuzi 1 au 2. Utapoteza maji kiasi kwenye sahani, lakini hayo ni machache kuliko yale ambayo yangekamuliwa kufika 76.

Kinyume chake, ikisimama kwenye 66 na wewe ulitaka 70, usiitupe kwenye moto mkali. Ndani ni sawasawa sasa, hakuna tabaka baridi la kulipita. Irudishe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa dakika 10 hadi 15, au kwenye sufuria yenye makala machache juu, ukipima kila dakika tano. Ikisoma 69 itoe. Safari hii itapanda nyuzi moja tu, na dakika tano za kukaa zinatosha.